Lakiri Namba 004877

Jumatatu saa 11:30 jioni Mzee Athumani alifika lindoni Kizota, Dodoma, akamkuta Juma amekaa nje ya geti, sare ameikunja kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona nje?"

"Nimesimamishwa. Kontena limefunguliwa leo, katoni 38 za mafuta ya kula hazimo. Lakiri nayo si ile ya kwenye hati. Wanasema nilibadilisha mimi, jana mchana."

Kumwangushia Juma lawama lilikuwa jambo rahisi. Jumapili alilinda peke yake, na katika daftari ameandika kwa mkono wake kwamba kirikuu kiliingia saa 5:10 asubuhi kuchukua maboksi chakavu, kikatoka saa 5:25. Meneja hakutaka kusikia zaidi. Hakuna aliyejiuliza mtu mmoja atapakiaje katoni 38 kwa robo saa, kila moja ina chupa 12 za lita moja, tena afunge lakiri mpya ya chuma. Ile haifunguki kwa mkono. Inakatwa kwa mkasi wa vyuma, na iliyokatwa hairudi.

"Waliyoikuta leo ni namba gani?"

"Mwisho sabini na saba."

Mzee Athumani akaingia kibandani, akalamba kidole, akafunua daftari la matukio kurudi nyuma hadi Jumamosi. Kisha akalibeba mpaka ofisini.

"Shikamoo, mzee," alisema meneja bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kumwombea Juma, barua imeshaandikwa."

"Marahaba. Sijaja kuomba, bosi. Nimeleta daftari. Soma hapa."

Maandishi yalikuwa makubwa, ya kalamu ya bluu:

"Jumamosi, saa 5:40 usiku. Limeingia lori la kontena, dereva na utingo. Hati ya mzigo imeandikwa lakiri 004811. Lakiri niliyoikuta mlangoni ni 004877. Nimeisoma mara mbili kwa tochi, utingo naye ameisoma. Milango ina tope kavu hadi kwenye komeo. Lakiri haina tope. Dereva anasema karani wa huko alikosea kuandika. Saa 5:52 nimempigia msimamizi wa zamu, hakupokea. Saa 6:05 nimempigia tena, hakupokea. Kontena halijafunguliwa, limeegeshwa mbele ya taa ya ukuta wa mashariki. Dereva amesaini hapa chini."

Sahihi ya dereva ilikuwapo, na namba ya leseni yake.

Meneja alisoma, akarudia pale penye tope. Lori lilikuwa limetoka Dar es Salaam na kupita Dumila mvua ikinyesha. Kama komeo limerushiwa tope, lakiri iliyofungwa tangu bohari ya Dar ingebakije safi?

"Mzee, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Nitajuaje kwamba hukuyaandika haya leo, ili umwokoe mwenzako?"

"Kurasa zina namba za kiwandani. Huu ni wa 61. Chini yake, ukurasa huohuo, kuna doria ya saa 7, ya saa 8, mpaka makabidhiano ya saa 12 asubuhi. Juma amesaini kupokea lakiri 004877, na jioni akanikabidhi 004877. Sijaruka mstari hata mmoja, ningepachika wapi? Halafu kuna nakala ya kaboni. Nilipotoka zamu niliitia kwenye sanduku la karani."

Karani aliitwa. Akapekua trei yake, akaitoa karatasi chini ya ankara za maji. Ilikuwa na muhuri wa kupokelewa: Jumatatu, saa 2:05 asubuhi. Kontena lilifunguliwa saa 3.

"Uligonga muhuri bila kusoma?"

"Zilikuwa nyingi, bosi. Za walinzi huwa ni 'hali shwari' tu."

Meneja alivuta simu, akampigia mwenye lori. Hakumtaja Juma. Aliuliza tu lori lilisimama wapi kati ya Morogoro na Dodoma, kwa muda gani, na akataka taarifa za kifaa cha kufuatilia gari ziletwe kesho kabla ya saa 4, la sivyo malipo ya usafiri yanazuiwa na suala linakwenda polisi. Akamwagiza karani aiweke pamoja lakiri iliyokatwa, hati ya mzigo na ile nakala ya kaboni, asimpe mtu.

"Mwambie Juma aje kesho zamu ya mchana."

"Atakuja. Lakini ile barua ya kusimamishwa ipo kwenye faili lake."

"Nitaitoa."

"Andika nyingine ya kuifuta, bosi, yenye tarehe, naye apewe nakala. Na leo alikuja kazini saa 12 asubuhi, ahesabiwe siku yake."

Meneja alimtazama kidogo, akachukua karatasi nyeupe. Mzee Athumani alisimama palepale mpaka muhuri ulipogongwa, kisha akatoka na daftari lake. Saa 12 ilikuwa imepita kwa dakika nane. Alipofungua ukurasa wa zamu mpya, aliandika hivyohivyo: "Nimepokea lindo saa 12:08 jioni. Nimechelewa, nilikuwa ofisini kwa meneja."