RATIBA YA WARSHA YA SIKU MOJA: KUKAUSHA NA KUHIFADHI MAHINDI YASIINGIE SUMUKUVU

Jumatano, 17 Juni 2026
Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa, Dodoma

Washiriki: wakulima, wanunuzi wa sokoni, wenye mashine za kusaga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Jumla watu 60.

Njoo na kikombe kimoja cha mahindi kutoka ghalani kwako, kwenye mfuko uliofungwa. Usiyachambue kwanza. Tunataka kuyaona yalivyo.

Maeneo tutakayotumia

Ukumbi Mkubwa ni wetu hadi saa 7:30 mchana tu, kwani saa 8:00 unaanza kupambwa kwa ajili ya harusi. Mchana tutahamia Chumba cha Juu (ghorofa ya kwanza) na Darasa la Chini (nyuma ya ofisi ya mhasibu). Mafunzo ya vitendo yatafanyika uani, kwenye sakafu ya saruji. Mabadiliko haya yatabandikwa mlangoni, na mshereheshaji atayatangaza kila kabla ya mapumziko.

1:45 – 2:30 asubuhi. Uandikishaji, Ukumbi Mkubwa

Kila mshiriki atapewa kadi ya rangi: kijani, bluu au nyeupe. Hilo ndilo kundi lako la vitendo. Kikombe chako cha mahindi kitaandikwa namba, si jina.

2:30 – 2:45. Ufunguzi

Diwani wa kata, dakika 10. Akiba, dakika 5. Mgeni rasmi akichelewa hatumsubiri. Mada ya kwanza itaanza saa 2:45, naye atapewa dakika zake 10 muda wa chakula, watu wakiwa wameketi.

2:45 – 3:25. Mada ya kwanza: Sumukuvu inavyoua

Daktari wa hospitali ya wilaya. Kuzungumza dakika 25, maswali 10, akiba 5.

Tunamwomba aanze na mwaka 2016, kwa sababu ulitokea hapa hapa kwetu: watu wa Dodoma na Manyara waliugua ini baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na wengine wakafa. Kisha aeleze kwa ufupi ya Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui zikiwa ndizo zilizoumia zaidi, ambako wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 kati yao wakafariki. Mambo mawili yasikosekane kwa namna yoyote. Kwanza, kupika ugali hakuondoi sumu hii. Pili, punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Kama muda utabana, bora aache picha za ukungu kwenye darubini kuliko kuacha haya.

3:25 – 4:10. Mada ya pili: Unyevu, na maana ya vipimo vya sokoni

Mtaalamu wa maabara ya nafaka. Kuzungumza dakika 30, maswali 10, akiba 5.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambamo aina ya B1 isizidi 5. Mzungumzaji aoneshe kipimo cha unyevu kikifanya kazi mbele ya watu. Namba peke yake haimsaidii mtu aliyesimama na gunia lake.

4:10 – 4:40. Chai, barazani

Chai yenyewe dakika 20, akiba dakika 10. Viazi vitamu, mayai na maandazi. Kengele ya kwanza saa 4:30, ya pili saa 4:38. Ukimaliza nenda moja kwa moja uani, usirudi ukumbini.

4:40 – 6:10. Vitendo, uani

Hiki ndicho kiini cha siku. Vituo vitatu, dakika 25 kila kimoja, makundi yakizunguka. Dakika 15 zilizobaki ni za kuhama na akiba.

*Kituo cha turubai.* Mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na yaliyoanikwa kwenye ardhi tupu, yakilinganishwa kwa kipimo. Kina cha tabaka, kugeuza, na kufunika jioni kabla ya umande.

*Kituo cha chumvi.* Mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo. Tikisa vizuri, kisha subiri dakika 15 punje zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo, lakini hilo halijathibitisha 13.5, na mwezeshaji alirudie neno hili kwa kila kundi. Watikise mara tu wanapofika. Maelezo yatolewe wakati wa kusubiri.

*Kituo cha mifuko.* Kuchambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye ukungu, kisha kujaza mfuko wa PICS: mifuko miwili ya plastiki ndani, wa tatu wa nje uliofumwa. Kila mmoja unafungwa peke yake. Mahindi mabichi yasiingizwe humo.

6:10 – 7:10. Chakula cha mchana na swala, barazani

Chukua mkoba na daftari lako unapotoka ukumbini. Wanaoswali wametengewa chumba kando ya ofisi. Hadi saa 7:10 ukumbi uwe mtupu.

7:10 – 8:25. Majadiliano katika vyumba viwili

Chumba cha Juu: wanunuzi na wenye mashine. Bei ifuate unyevu? Gunia lililokataliwa liende wapi lisirudi sokoni kwa mlango mwingine?

Darasa la Chini: wakulima na wahudumu wa afya. Hasara ya kuchambua aibebe nani, na mama mwenye mtoto anayeanza kula uji aambiwe nini?

Kila chumba: maelezo dakika 10, mjadala 40, kuandika maazimio 15, akiba 10. Mnunuzi asiyeweza kupanda ngazi akae Darasa la Chini. Hoja zake zitapelekwa juu kwa maandishi.

8:25 – 8:45. Chai ya alasiri, Darasa la Chini

Dakika 10, na akiba 10.

8:45 – 9:30. Maazimio na matokeo ya vikombe, Darasa la Chini

Kila chumba dakika 10, maswali 15, akiba 10. Unyevu wa vikombe utabandikwa ukutani kwa namba.

9:30 – 9:45. Kufunga na nauli

Nauli italipwa mlangoni kwa kusaini, kwa kuanzia wa vijiji vya mbali.

Mzungumzaji akizidisha muda

Mtunza muda ataketi mstari wa mbele. Kadi ya njano: zimebaki dakika 5. Kadi nyekundu: malizia sentensi yako. Dakika moja baadaye mwenyekiti wa kikao atasimama na kumshukuru, awe nani.

Muda uliozidi unalipwa kwanza na akiba ya kikao chenyewe, kisha akiba ya chai. Asubuhi kuna dakika 25 za namna hiyo, kuanzia ufunguzi hadi chai. Zikiisha, mada ya pili inapunguzwa dakika 10 za maelezo, na maswali yake yanabaki. Maswali ya washiriki hayakatwi, wala dakika 90 za uani. Mkulima aliyeacha shamba wakati wa mavuno amekuja kushika chupa na mfuko kwa mikono yake.

Akiba isiyotumika inaongezwa kwenye maswali ya kikao kilekile. Hatuanzi kikao kinachofuata kabla ya saa yake, maana wapo watakaokuwa njiani kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Wazungumzaji wakabidhi picha zao za projekta kwa katibu Jumanne, 16 Juni, kabla ya saa 10:00 jioni. Umeme ukikatika, mada itaendelea kwa bango kitita, na kalamu zipo.

Kamati ya Maandalizi