Nani Aliyeamua? Mjadala wa Wanafunzi Wawili Kuhusu Hiari

Elia na Zuhura, wanafunzi wa saikolojia, wamebaki darasani baada ya semina kuhusu hiari ya binadamu: Elia anaitilia shaka, Zuhura anaitetea.

ELIA: Mimi bado niko na Libet, yule mtafiti wa ubongo. Mwaka 1983 aliwakalisha watu mbele ya saa yenye nukta inayozunguka, akawaambia wakunje mkono muda wowote watakaojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipohisi hamu ya kuukunja. Umeme wa ubongo ulianza kupanda takriban milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea. Hamu yenyewe waliihisi kama milisekunde 200 tu kabla. Ubongo ulishaanza kazi, mwenyewe hana habari!

ZUHURA: Ulianza kazi gani? Hapo ndipo watu wanaporuka hatua. Aaron Schurger na wenzake walilichunguza jambo hilo mwaka 2012. Shughuli za ubongo hupanda na kushuka zenyewe muda wote. Ukimwambia mtu asogeze mkono bila sababu yoyote, atausogeza pale mpando mmojawapo unapofika kiwango fulani. Nawe ukikusanya rekodi zote, ukaanzia kwenye tendo na kurudi nyuma, lazima uone mstari unaopanda. Kupanda huko si lazima kuwe uamuzi uliokwisha kupitishwa.

ELIA: Haya, na ule utafiti wa 2008 wa Soon na wenzake? Watu walijichagulia kubonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia, na picha za ubongo zilidokeza chaguo lao hadi sekunde kumi kabla.

ZUHURA: Kwa usahihi wa karibu asilimia 60. Kubahatisha tu kunakupa 50. Kuna mwelekeo, sikatai, lakini mwelekeo si hukumu.

ELIA: Basi tuache mashine. Unakumbuka soksi ndefu za Nisbett na Wilson, 1977? Jozi nne zimepangwa mezani, zote sawasawa, wapita njia wanaulizwa ipi ni bora. Jozi ya kulia kabisa ndiyo iliyochaguliwa na wengi kuliko nyingine. Walipoulizwa kwa nini, wakasifia ubora wake. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa, na walipoulizwa waziwazi kama mahali pangeweza kuwaathiri, karibu wote walikana.

ZUHURA: Huo unaniuma kuliko Libet, nakwambia kweli. Libet alipima tendo lisilo na maana kwa mtendaji. Hawa walikuwa wanatoa sababu, nami hoja yangu yote imesimama juu ya sababu.

ELIA: Ongeza ule wa Johansson na Hall, 2005. Mtu anachagua sura inayomvutia kati ya picha mbili, mtafiti anambadilishia kwa ujanja wa mikono, halafu anamtaka aeleze. Mara nyingi hakugundua. Akaitetea picha aliyoikataa! Sasa huyo unamwita mwamuzi?

ZUHURA: Katika uchaguzi ule, simwiti. Lakini usichukue soksi ukazifanya maisha mazima. Mwanasaikolojia Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu akijiwekea mpango mahususi, "ikitokea hivi, nitafanya vile", ana nafasi kubwa zaidi ya kutimiza nia yake kuliko mwenye nia tupu. Wazo alilolitamka leo linabadilisha tendo la kesho. Kama fikra ni abiria tu, nguvu hiyo imetoka wapi?

ELIA: Na mpango huo nao una chanzo. Malezi, mwalimu, hofu ya kufeli.

ZUHURA: Naam, una chanzo. Sijawahi kudai tendo lisilo na chanzo, maana tendo la namna hiyo lisingekuwa langu, lingekuwa ajali. Ninachokiita hiari ni uwezo wa kuguswa na sababu na kubadilika kwazo. Nao una viwango: leo mwingi, kesho haba, mbele ya soksi karibu haupo.

ELIA: Basi tuje kwenye lawama. Kuna kisa kilichochapishwa 2003: mwalimu wa miaka 40 alianza kuwatamani watoto kingono, akajua ni vibaya, akashindwa kujizuia. Akakutwa na uvimbe mbele ya ubongo. Ulipoondolewa, tamaa ikaisha. Ulipoota tena, ikarudi. Sisi tunamhurumia kwa sababu uvimbe umeonekana kwenye picha. Yule ambaye chanzo chake hakionekani, tunamfunga.

ZUHURA: Kinachonigusa si kuonekana kwa uvimbe. Ni kwamba alijua ni vibaya na ujuzi huo haukumzuia. Kipimo changu ndicho hicho: mpe mtu sababu nzito, uone kama inamgeuza.

ELIA: Na ikimgeuza, si sababu hiyo ndiyo iliyomsukuma?

ZUHURA: Ndiyo, ila imepitia kwake. Ameisikia, ameipima, ameikubali.

ELIA: Ameipima kwa ubongo ambao hakuuchagua.

ZUHURA: Hakuna aliyeuchagua wake. Wewe unaona hilo linafuta kila kitu. Mimi naona ndipo swali linapoanza, maana kati ya watu wote wasiochagua ubongo wao, wengine wanasikia hoja na wengine hawawezi. Tofauti hiyo naitaka ipimwe, Elia, isifutwe.

ELIA: Ipimwe, sawa. Lakini mpaka ipimwe vizuri, sitakuwa mwepesi wa kumwambia mtu "ungeweza kufanya vingine".

ZUHURA: Hilo hata mimi sitabishana nalo.