Mtumbwi Chini ya Pembe

Chumba cha habari cha redio, Mombasa, saa nne asubuhi. Mvua imekatika. Kwenye kompyuta kuna picha: Moi Avenue imejaa maji, na chini ya Pembe za Ndovu anapita mvuvi na mtumbwi wake.

REHEMA: Asilimia 46, Ami Salim. Haijafika hata nusu. Naipandisha mtandaoni.

SALIM: 46 ya nini?

REHEMA: Uwezekano wa kuwa imetengenezwa na akili unde. Ikipita 50 ndipo tuiogope.

SALIM: Na ikiwa barabara ni ya kweli, mtumbwi umetiwa? Hiyo programu yako yaipima picha nzima, ishike wapi?

REHEMA: Wewe tangu jana hutaki tu programu.

SALIM: Hebu ikuze. Pembe nne, sawa, kila upande wa barabara zimepishana mbili. Tuktuk ziko sawa. Sasa tazama kafi la huyu bwana. Juu limelala kushoto, si ndiyo? Basi taswira yake majini nayo ilale kushoto. Hii imekwenda kulia, kama kafi limepenya likatokea upande wa pili.

REHEMA: Maji yanatikisika, ami. Anapiga kafi! Hapo taswira haiwezi kunyooka.

SALIM: Haya, hapo umenishika. Lakini hiyo tuktuk hapo kando, taswira yake imekatika vipande vipande. Ya mtumbwi imetulia kama kioo. Maji ni yale yale, hatua mbili tu kati yao.

(Rehema anasogeza uso karibu na skrini. Hasemi kitu kwa muda.)

REHEMA: Ngoja. Nina nakala nyingine, ya grupu la Majengo. Niipime hiyo.

SALIM: Ipime.

REHEMA: ...63.

SALIM: Picha moja?

REHEMA: Moja. Hii imeshapita WhatsApp mara kadhaa, imebanwa. Na simu za siku hizi zenyewe zinalainisha picha, programu huchanganyikiwa. Lakini ami, usinifanye mjinga. Kipimo kimenisaidia mara nyingi kuliko macho ya watu hapa.

SALIM: Ikikupa 97, nakusikiliza. Ikikupa 46, imekwambia haijui, kwa adabu.

REHEMA: Basi nimkate mvuvi, tubaki na mafuriko. Mafuriko si ya kweli?

SALIM: Ya kweli, nimevuka mwenyewe, viatu mkononi. Lakini picha usiikate. Wasikilizaji wana ile nzima kwenye simu zao, watasema sisi ndio tuliomficha.

REHEMA: Wenzetu washaitoa!

SALIM: Watakuja kuifuta. Aliyetuma ni nani?

REHEMA: Kijana mmoja, asema kapiga mwenyewe.

SALIM: Mwambie atume faili halisi, kama dokumenti, si picha. Na aliyopiga kabla na baada ya hiyo. Hakuna mtu anayeona mtumbwi mjini akapiga moja tu.

REHEMA: (akiandika kwenye simu) Nampa dakika kumi.

SALIM: Mpe ishirini, huenda hana bando.