Sh 15 Bado

Saa ilifika imefungwa kwenye leso iliyokazwa fundo mbili. Mama aliyeileta alisema ni ya marehemu baba yake, dereva wa treni wa zamani hapahapa Tororo. "Jumamosi nitapita," akasema, akakimbilia matatu ya Malaba.

Mzee Ramadhani akaisukuma upande wa Okoth. "Yako hiyo. Usilazimishe kitu."

Miezi saba Okoth alikuwa akibadilisha betri na mikanda tu. Hii ilikuwa saa ya mfukoni, ya kujazwa kwa mkono. Akabana lensi jichoni, akapenyeza ncha ya kisu, mfuniko ukaachia: tak! Chini yake kulikuwa na mfuniko wa pili, mwembamba, umegandamana kwa uchafu. Alipoubandua na kuugeuza aufute kwa petroli, akaona mikwaruzo. Alidhani ni bisibisi ya fundi mzembe, na hao hawakosi. Akauinamisha kwenye mwanga wa mlangoni. Mikwaruzo ikawa maandishi, madogo kama mayai ya chawa:

14-9-72. Sh 15 bado.

"Mzee, humu ndani kuna deni."

Mzee akaupokea, akavaa lensi yake. Akakaa hivyo muda mrefu hadi chai yake ikaota utando.

"Itazame hiyo saba," akasema. "Ina mkanda tumboni. Mwalimu wangu ndiye aliyekuwa akiiandika hivyo. Mimi nilikuwa mtoto wa kumshikia taa."

"Yule Mhindi?"

"Huyo. Amin alikuwa keshawapa Wahindi siku tisini waondoke nchini. Watu walikuja mbiombio kuchukua saa zao, wengine wakasema watalipa kesho. Walijua kesho hatakuwepo."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Sasa aliandika ya nini?"

Mzee akapangusa lensi kwa shati. "Mazoea, labda. Fundi huandika."

Jumamosi saa ilikuwa ikitembea. Mama akaisikiliza sikioni, akacheka. Mzee akampa lensi, akamwonyesha ule mfuniko kabla haujafungwa. Mama akasoma, kicheko kikamkauka.

"Baba? Aliyekuwa akitupiga kwa kukopa mandazi?"

"Elfu thelathini tu, mama. Hilo la zamani si langu."

Akahesabu elfu thelathini. Kisha akachokoachokoa mkoba, akaweka sarafu ya mia mezani. Okoth akafungua mtoto wa meza atafute chenji. Mzee akamkanyaga mguu.

Ile sarafu akaitia kwenye kopo la bati lenye kibanio kilichochakaa, ambacho Okoth hakuwahi kuruhusiwa kukigusa. Halafu akamsogezea sindano.

"Andika."

Okoth akashusha pumzi, akakwaruza chini ya yale maandishi: Limelipwa. Herufi zikapanda mlima.

Mzee akazichungulia. "Mwandiko mbaya," akasema. "Haya, funga, mama asichelewe gari."