Shangazi Anajibu: Mke anataka krimu, mume anataka kijivu iliyokolea

Wanangu wa Mbagala, barua yenu nimeisoma mara mbili maana mmeandika wote wawili kwenye karatasi moja, mama juu, baba chini, na hilo peke yake limenipa moyo. Watu waliokataana kabisa hawagawani karatasi.

Sasa nianze na baba. Unasema unafanya zamu za usiku bandarini, unarudi saa mbili asubuhi, unataka chumba chenye giza ulale, ndo maana unataka kijivu iliyokolea kuta zote nne. Nimekuelewa na usingizi wa mchana ni kitu cha kuheshimiwa, mtu asikuone mvivu. Ila giza haliletwi na rangi baba, jua likipita dirishani limepita tu, hata ukipaka mkaa. Linalozuia ni pazia. Nunueni lile zito lenye kitambaa cha pili nyuma, lishuke mpaka chini ya dirisha na lipite pembeni kila upande kama shubiri moja hivi, maana mwanga unapenyea pembeni. Hapo utalala hata saa saba mchana.

Mama naye ana hoja kubwa kuliko alivyoieleza. Umesema tu "itakuwa kama baa", lakini huku chini ukaandika chumba kina dirisha moja na linatazama ukuta wa jirani. Hilo ndo jambo lenyewe! Rangi iliyokolea inameza mwanga, na nyie mwanga wenyewe ni wa kuokoteza, mtakuwa mnawasha taa saa nne asubuhi kutafuta soksi ya mtoto. Kwa hiyo kwenye hili mimi niko na mama, kuta tatu ziwe krimu. Ule wa kichwani kwa kitanda apewe baba, apake kijivu yake. Ukiwa umelala huuoni kabisa, lakini ukiingia chumbani umechoka ndo wa kwanza kukupokea, na nadhani hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Ila baba, kuna mstari umeuandika sijaupenda. "Fundi namlipa mimi." Mwanangu, hela ya fundi hainunui sauti ya mwenzio chumbani kwake. Yeye ndiye anayeamka usiku na mtoto wa miezi minane humo ndani wewe ukiwa kazini, anaziangalia hizo kuta saa nyingi kuliko wewe. Mwombe radhi, na usimwombe mbele ya fundi, mwombe mkiwa wawili. Na wewe mama, kumpigia mama mkwe simu aamue rangi ya chumba chenu cha kulala, hapana jamani. Sebuleni sawa, huko hapana.

Halafu kuna kitu mmekitaja kwa kupita na mimi kimenishtua kuliko ugomvi wote, kwamba rangi ya zamani imevimba na kumenyeka chini karibu na sakafu, ukigusa unatoka unga mweupe. Huo ni unyevu unapanda kutoka chini na kuleta chumvi. Mkipaka juu yake, iwe krimu iwe kijivu, itavimba tena na mtaanza kulaumiana upya nani alichagua rangi mbaya. Mwambieni fundi akwangue mpaka kwenye plasta, aangalie nje kama maji ya bafuni au ya mvua yanatuama pale ukutani, yaelekezwe kwingine, ukuta ukauke kwanza ndo apige praima. Akisema atafunika tu na skimu, kataeni wote wawili kwa sauti moja.

Kuhusu kiasi, chumba chenu mmesema mita 4 kwa 3 na nusu, kimo mita 3. Lita moja ya rangi ya maji inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo kuta tatu mikono miwili, ukitoa mlango na dirisha, ni kama lita 6, na ule wa kichwani lita 2 na kidogo. Ndoo ya lita 20 anayoitaka fundi ni ya nini? Mwulizeni.

Na msichague kwenye kile kikadi cha dukani, rangi ikienea ukuta mzima inaonekana nzito kuliko pale, na ya maji ikikauka inakolea zaidi. Chukueni kopo dogo la kila moja, pakeni kipande cha mita moja pale pale kwenye ukuta wenyewe sehemu iliyo kavu, mkiangalie asubuhi baba akirudi kazini na usiku taa ikiwa imewashwa, maana balbu ya njano inabadilisha krimu mpaka ikawa kama siagi na huenda mama akaichukia. Fundi asubiri mpaka wikendi baba akiwa off, muwe wote wawili anapofungua kopo.