Zuhura, mfasiri na mkalimani: Kiswahili na Kiingereza, kutoka Tanga

Karibu. Kazi yangu kubwa ni nyaraka za Watanzania na Wakenya walioko ughaibuni: cheti cha ndoa, hati ya talaka, wosia, hukumu ya mahakama ya mwanzo, barua ya mtendaji wa kata. Nyingi zimeandikwa Kiswahili, na ofisi ya huko uliko haitazipokea hivyo zilivyo.

Ninazozifahamu zaidi ni za mirathi. Muhtasari wa kikao cha wanandugu mara nyingi huja umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, nusu ya waliohudhuria wamesaini kwa dole gumba, na mhuri wa serikali ya mtaa umekaa juu ya jina la msimamizi. Vyote hivyo navitafsiri. Mhuri usiosomeka nauandika kwenye mabano kuwa upo na hausomeki, na dole gumba naliandika kuwa ni dole gumba. Mwanasheria wa huko asipoona kitu kilicho kwenye karatasi, atauliza.

Jina silirekebishi. Kama cheti kinasema Mohamedi na pasipoti inasema Mohamed, tafsiri itasema Mohamedi. Naelewa usumbufu wake, lakini dawa yake ni kiapo cha wakili au marekebisho kwenye ofisi iliyotoa cheti, si kalamu yangu.

Sifa na mipaka yangu

Nina shahada ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimesajiliwa BAKITA, na nafanya kazi hii tangu 2014. Nakala za vyeti nakutumia ukiziomba.

Kwa maombi ya uhamiaji Marekani, USCIS wanataka tafsiri kamili ya Kiingereza pamoja na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anazimudu lugha hizo. Hawadai mhuri wa wakili, kwa hiyo usilipie kitu usichoombwa. Sina cheti cha ATA, chama cha wafasiri cha huko, na USCIS hawakidai. Kwa Uingereza naongeza tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano yangu, maana Home Office huvihitaji ili waweze kuhakiki.

Ujerumani ni habari nyingine. Ofisi nyingi za huko zinataka mfasiri aliyeapishwa na mahakama zao, nami siye. Ukiniambia mapema kwamba karatasi inakwenda Berlin, nitakwambia utafute wa huko, na hutadaiwa kitu.

Bei

Cheti cha ukurasa mmoja ni dola 25, pamoja na tamko. Nyaraka ndefu nahesabu kwa neno la maandishi uliyonitumia: senti 12 kutoka Kiswahili, senti 9 kutoka Kiingereza. Tofauti hiyo inatokana na hesabu tu. "Hawakumpelekea" kwetu ni neno moja, Kiingereza kinahitaji manne au matano. Maandishi ya mkono yanaongeza robo ya bei, na kazi ya haraka, ndani ya saa 24, inaongeza nusu ya bei. Ukalimani kwa simu au Zoom ni dola 40 kwa saa, na saa ya kwanza hulipwa nzima hata mkizungumza dakika kumi.

Kazi ya chini ya dola 100 hulipwa yote mwanzoni. Zaidi ya hapo, nusu kwanza. Napokea kwa benki au M-Pesa. Makato ya kutuma ni ya mteja. Bei nakupa baada ya kuiona karatasi, kwa hiyo tuma picha iliyopigwa mchana, kona zote nne zionekane, na nyuma pia kama kuna mhuri.

Saa

Niko kazini Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, saa za Tanga. Ijumaa saa 6 hadi saa 8 mchana nakuwa msikitini. Jumapili natazama ujumbe, kwa sababu Muscat ni siku ya kazi. Wao wako saa moja mbele yetu.

Kwa walioko Marekani, Jumatatu na Alhamisi napokea simu saa 2 hadi saa 4 usiku. Minneapolis ni saa 6 hadi saa 8 mchana wakati wa kiangazi, na saa moja nyuma zaidi kuanzia Novemba. Sisi hatubadilishi saa. Wao hubadilisha, na Marekani hutangulia Ulaya wiki mbili au tatu kila Machi. Ndiyo maana kila miadi naiandika kwa saa za pande zote mbili, mfano: "Alhamisi, saa 3 usiku Tanga, saa 8 mchana New York."

Cheti ukikituma jioni ya huko, mara nyingi utaamka kimeshakamilika.

Jaza fomu hapo chini: karatasi ni ya nini, inakwenda ofisi gani ya nchi gani, na tarehe ya mwisho. Najibu ndani ya siku moja ya kazi.