Hesabu ya skuta ya petroli na ya umeme kwa kazi ya vifurushi, Tabora mjini

Shikamoo dada. Uliniomba hesabu kabla hujamnunulia kijana skuta ya pili, hii hapa. Nimeipiga kwa kazi yenyewe ilivyo: vifurushi vya stendi na stesheni kwenda Isevya, Kanyenye, Cheyo, Ipuli, na siku nyingine Kitete na kurudi, kilomita 70 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni siku 312, kama kilomita 21,800. Bima, tairi na breki nimeziacha nje kwa sababu hazitofautiani sana.

Nianze na petroli, ambayo wote tunaijua. Skuta ya 125 yenye sanduku nyuma, kusimama na kuondoka kila mlango, isiahidiwe zaidi ya kilomita 35 kwa lita. Hiyo ni lita mbili kwa siku. Petroli nimeiweka shilingi 3,000. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo ikipanda au ikishuka shilingi 100, wewe ongeza au punguza 200 kwa siku. Oili kila kilomita 2,000, plagi, chujio la hewa (vumbi letu la kiangazi unalijua), mkanda na rola zake: yote nimeyakadiria 260,000 kwa mwaka. Halafu kuna kitu wauzaji wa petroli hawakitaji wakati wanaisema betri vibaya: injini nayo inachoka. Ndani ya miaka mitatu ya kazi hii itashushwa mara moja, pistoni na ringi, nami nimeiwekea 400,000.

Ya umeme inakula kidogo sana. Tabora ni tambarare, hakuna vilima kama vya Kigoma, kwa hiyo kilomita 70 zitatumia kama uniti 2.5 kutoka kwenye betri. Chaja nayo inapoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo kwenye mita hesabu uniti 3. Kwa bei ya kawaida ya biashara, ambapo elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, hiyo ni shilingi 1,071 kwa siku. Hapo ndipo watu hushangilia, wakasahau betri.

Betri niliyoipigia hesabu ni ya lithiamu fosfeti, volti 72, ampea-saa 45, yaani uniti 3.2 ikiwa mpya. Bei niliyotajiwa ni 1,800,000 pamoja na usafiri kutoka Dar es Salaam na kufungwa. Kwenye karatasi wanaandika mizunguko 1,500 au 2,000 ya kuchaji. Mimi nimechukua miaka mitatu, ambayo kwa matumizi yako ni kama mizunguko 700 kamili. Nimebana makusudi, kwa sababu ya joto la Septemba na Oktoba na kwa sababu si kila seli inayoletwa ni ya daraja la kwanza. Kontrola na chaja nimezitengea 150,000 kwa mwaka.

Kwa siku moja ya kazi inakuwa hivi:

| | Petroli | Umeme |
|---|---|---|
| Mafuta au umeme | 6,000 | 1,071 |
| Matengenezo | 833 | 481 |
| Injini kushushwa / betri mpya | 427 | 1,923 |
| Jumla | 7,260 | 3,475 |

Tofauti ni 3,785 kwa siku, kama milioni moja na laki mbili kasoro kidogo kwa mwaka. Skuta ya umeme uliyoionyesha ni ghali kwa 700,000 kuliko ile ya petroli, na pengo hilo linafidiwa kwa miezi saba hivi. Lakini angalia mstari wa betri: ni mkubwa kuliko umeme wenyewe. Mafuta unayalipa kila asubuhi kwenye kituo, huwezi kuyakwepa. Betri inakuacha ule faida miaka mitatu, kisha inadai milioni moja na laki nane kwa mkupuo. Elfu mbili ya betri itoke kwenye mauzo kila jioni, ikae kwenye laini ya simu ambayo kijana hana namba yake ya siri. Usipofanya hivyo, jedwali lote hilo ni mapambo.

Kingine ni mita. Nyumbani uko kwenye ile bei nafuu ya TANESCO, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, unayonunua kama shilingi 122 kwa uniti na kodi zake. Nyumba inakula uniti 50. Skuta itaongeza 78. Utavuka kikomo, na ukiendelea kuvuka utahamishiwa bei ya kawaida, kisha hata taa na friji vitalipiwa bei hiyo. Kwa hesabu yangu bili ya nyumba itapanda kama 39,600 kwa mwezi, wakati umeme wa skuta peke yake ni 27,850. Achajie dukani, mita ile tayari iko bei ya kawaida.

Umeme ukikatika usiku kucha, jenereta ndogo itahitaji lita moja na nusu mpaka mbili kujaza betri. Siku hiyo hujafaidika kitu, lakini vifurushi vinafika.

Kuna suala la umbali, na hapa ndipo wengi wanabishana na muuzaji bure. Betri ya kazi hii haifi siku moja. Ikishuka hadi asilimia 80 inabaki na uniti 2.6, na siku yako inakula 2.5. Ikifika hapo, kijana lazima achaji kwa muda wa saa moja mchana akiwa anakula, la sivyo ataisukuma kutoka Ipuli. Asiiache juani na kuichomeka ikiwa bado ina moto, na asizoee kuimaliza kabisa.

Zile za betri sita za asidi, seti shilingi 660,000, ziache. Seti ina uzito karibu kilo 60, kwa safari ndefu kama zako itadumu kama miezi kumi, na umbali utaanza kupungua mapema zaidi. Kwa siku inakuwa 2,538 ya betri peke yake, zaidi ya lithiamu.

Kama kazi ingekuwa kilomita 30 kwa siku ningekuambia usijisumbue: lile pengo la 700,000 lingechukua miaka miwili na ushee kurudi, na betri inazeeka hata ikikaa. Kwa 70, chukua ya umeme, kwa sharti moja. Ukijumlisha na bei ya kununulia, betri inabidi idumu angalau miezi 14 ndipo ilingane na petroli. Kwa hiyo muuzaji aandike waranti ya betri ya miaka miwili, aseme ni asilimia ngapi ya uwezo ikishuka ndipo abadilishe, na agonge mhuri. Akiandika mwaka mmoja au akisema "tutaelewana", nunua ya petroli.